Grafu ya Bohr na ugomvi wa maabara ya Kopenhagen

Tangu Uviko-19, kifaa cha kubana kidoleni kimeenea kutoka wodini hadi majumbani, na watu wengi wanajua kuwa "tisini na nane" ni habari njema. Grafu inayoipa namba hiyo maana imesahaulika, ingawa ina zaidi ya miaka 120.

Ilichorwa Kopenhagen mwaka 1904 na Christian Bohr, baba wa mwanafizikia Niels Bohr, akiwa na wasaidizi wake Karl Hasselbalch na August Krogh. Chini inaonyesha shinikizo la oksijeni, pembeni kiasi ambacho himoglobini imebeba. Kwenye mapafu, shinikizo likiwa milimita 100 za zebaki, himoglobini hujaa karibu asilimia 97. Likishuka hadi 60 bado ina 90. Chini ya hapo mstari huporomoka: kwenye 40 imebaki 75.

Kisha waliongeza kiasi cha kaboni dioksidi, na mstari mzima ukahamia kulia. Tuchukue msuli wa mkimbiaji: unatoa joto, asidi na kaboni dioksidi. Pale kwenye 40, himoglobini sasa inabaki na sitini na kitu tu. Iliyobaki imeachiwa msuli. Mapafuni, hasara ni asilimia mbili hivi. Mwili unalipa kidogo, unapata kingi.

Cha ajabu, Bohr huyohuyo alishikilia kwamba mapafu husukuma oksijeni kuingia damuni, kama tezi inavyotoa mate. Krogh hakuridhika. Akiwa na mkewe Marie, daktari, alipima gesi za damu kwa kiputo kidogo cha hewa, na kila mara shinikizo la oksijeni damuni lilikuwa chini ya lile la mapafuni. Hapakuwa na cha kusukuma. Gesi ilipenya yenyewe. Mwaka 1910 walichapisha makala saba zilizompinga mwalimu wao. Bohr alifariki mwaka uliofuata. John Haldane wa Uingereza aliendelea kuitetea nadharia ya Bohr ya mapafu kusukuma oksijeni kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, Krogh alimheshimu mwalimu kwa namna iliyo bora: alipima.

Mwaka 1967 ilibainika kuwa kemikali ya ndani ya chembe nyekundu, DPG, nayo husogeza mstari kulia. Damu ya benki hupoteza DPG inapokaa, mstari wake ukarudi kushoto.

Kushoto ndiko kwenye hatari tunayoipuuza. Moshi wa jiko la mkaa chumbani una kaboni monoksidi. Inanyakua nafasi za oksijeni, na himoglobini iliyosalia inang'ang'ania oksijeni yake, haiachii. Ubongo unakosa oksijeni huku kifaa cha kidoleni, kisichotofautisha gesi hizo mbili, kikionyesha 98. Ukimpeleka hospitali mtu aliyelala na jiko, mwambie muuguzi habari za jiko kabla hajasoma namba hiyo.