Maneno ya Kutangaza Pweza wa Nazi

Maelezo ya picha ya chakula ni yale maneno mawili matatu yanayokaa chini ya picha ya sahani pale mgahawa unapotangaza menyu mpya, iwe ubaoni mlangoni au kwenye simu za wateja. Kazi yake ni kumwonjesha msomaji kwa maneno kile atakachokikuta mezani, na maneno yakipita sahani, mteja hudai kilichoahidiwa.

Tuchukue mfano wa mgahawa mdogo wa Pande, kata ya pwani kusini mwa Kilwa Masoko, unaoingiza pweza wa nazi kwa ugali wa muhogo. Rasimu ya kwanza huwa ya namna hii: "Pweza mtamu kuliko wote Kilwa! Mbichi kutoka baharini kila siku, anayeyuka mdomoni, anaongeza nguvu za kiume." Maneno yote hayo msomaji ameshayasikia, na karibu yote hayasimami.

Tuanze na hilo la "kila siku". Pweza huchokolewa kwenye miamba maji yanapokupwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu yakiingia, miamba haitoki vya kutosha, na anayeuza pweza siku hizo mara nyingi anauza aliyehifadhiwa kwenye barafu. Kumhifadhi si kosa, kosa ni kumwita wa leo. Mteja wa Pande anayajua maji kuliko mwandishi, na uongo huo ataukamata kabla hajavuta kiti. Kuhusu nguvu za kiume, mpishi hana namna ya kuzithibitisha, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nalo "kuyeyuka" halimfai pweza hata akipikwa na fundi, kwa sababu nyama yake, hata ikilainika, lazima ibaki na kitu cha kutafuna.

Maneno ya kweli yanapatikana jikoni. Pweza hupigwapigwa ili nyama ilegee, kisha hubandikwa bila maji mengi, maana hutoa maji yake mwenyewe na kugeuka mwekundu wa zambarau. Akishaiva hukatwa vipande, akatiwa tui jepesi pamoja na kitunguu saumu, manjano, pilipili na ukwaju. Tui zito huja mwisho kwa moto mdogo, huku likikorogwa, kwa kuwa likichemka kwa nguvu hukatika na mafuta yakajitenga. Mwandishi asimame hapo akiwa na kijiko na kalamu, aandike anachokiona, anachokinusa na kinachotokea mdomoni, kwa mpangilio uleule kilivyomjia.

Kiswahili kimejaliwa maneno ya kazi hii, ila tunakimbilia moja tu: "tamu". Sukari ni tamu, nyama ni tamu, hata maneno ni matamu, kwa hiyo neno hilo peke yake halimwonyeshi msomaji ladha yoyote. Tuna nazi iliyokolea, ukwaju wenye uchachu, rojo zito, muhogo mweupe pe. Tuna pia tofauti ambayo herufi moja huibeba: chakula kizuri kinanukia, kilichoharibika kinanuka. Nimeona tangazo lililosema samaki "ananuka viungo", na sidhani kama mwandishi wake alijua amemfukuza nani.

Baada ya kuonja, rasimu ya pili inaweza kusomeka hivi:

"Kuanzia Ijumaa: pweza wa nazi kwa ugali wa muhogo. Amechemshwa kwa maji yake hadi jino linazama bila kuvutana naye, akamaliziwa kwa tui zito. Rojo ni la manjano, linanukia kitunguu saumu, ukwaju unatangulia na pilipili inafuata. Tunampika siku za bamvua. Akiisha, tumefunga sufuria."

Humu hamna "kuliko wote" wala "wa kipekee", ila mate yanaanza kujaa. Sentensi mbili za mwisho zinakiri upungufu, na kwangu ndizo zenye nguvu kuliko zote, kwa sababu zinamweleza mteja siku ya kuja.

Kabla ya kutangaza kuna majaribio mawili. La kwanza, badilisha jina la chakula: kama sentensi inakubali biriani mahali pa pweza bila kutikisika, ifute. La pili, mpe sahani mtu ambaye hakushiriki kupika, msomee maelezo polepole, naye aguse kwa kijiko kila kinachotajwa. Asipouona ukwaju, ama mpishi aongeze ukwaju, ama mwandishi aufute. Na jaribio hili lirudiwe kila mpishi anapobadilika, kwani tui la mkono mwingine ni tui jingine.