Habari za Mbeleko na Usingizi wa Mtoto

Katika ada za ndoa za watu wa pwani, baba wa bibi harusi alipewa kilemba, na mama yake akapewa mkaja na mbeleko: mkaja kuwa ukumbusho wa tumbo lililofungwa baada ya uzazi, na mbeleko kuwa ukumbusho wa mgongo uliombeba binti huyo tangu shingo yake ilipokaza hata alipoweza kutembea mwenyewe. Bwana harusi aliyetaka kutimiza ada hakuweza kuiruka hesabu hiyo, hata kama siku hizo mbeleko ilikwisha kugeuka kuwa fedha taslimu mkononi mwa mkwe. Na kwa rai yangu hakuna malipo mengine katika orodha ndefu ya ndoa yaliyotaja kazi ya mama kwa usahihi kama haya.

Kitambaa chenyewe kimebadilika mara nyingi kuliko ada yake. Huko bara, kabla ya nguo za madukani kuenea, mtoto alibebwa kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, na Wakikuyu waliita ngozi yao ngoi. Pwani palikuwa na pamba iliyosokotwa na kufumwa tangu kale, Kilwa na Mogadishu zikiwa miji yenye sifa ya kazi hiyo. Lakini karne ya 19 ilileta nguo za ng'ambo kwa wingi usio na kifani, hasa baada ya Seyyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, ndipo majora ya merikani kutoka Massachusetts yakajaa forodhani Unguja. Merikani ilikuwa nzito na imara, ikabeba watoto wengi. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoizuia pamba ya Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua nafasi, na pamoja nazo kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi isiyoonyesha taka.

Kanga ilikuja baadaye. Wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za rangi zilizokuja zikiwa jora moja, wakakata vipande sita, wakavishona vitatu kwa vitatu hata vikawa nguo moja pana. Nao wafanyabiashara, kwa kuwa hawakosi jicho la faida, wakaagiza nguo iliyochapwa tayari kwa kipimo hicho. Duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887 ni miongoni mwa yaliyojulikana sana kwa biashara hiyo. Kipimo kilichotokea, yapata mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kilimfaa mvaaji, na kwa bahati njema kilimfaa mbebaji vilevile: urefu wake huzunguka vifua viwili na kubakiza ncha za kufunga, na upana wake hufika kutoka mabegani mwa mtoto hata chini ya matako yake. Tena pamba hushika fundo. Kanga mpya, walakini, ina wanga wa kiwandani, ni kavu na hutereza, na fundo lake hulegea polepole pasipo mbebaji kujua. Ndiyo maana wanawake wazoefu huifua mara mbili tatu kabla ya kumtia mtoto ndani yake, na wengi hupendelea iliyochakaa kidogo ambayo haijaanza kupasuka pindoni.

Kufunga kwenyewe kuna mpango wake. Mama huinama hata mgongo wake ukawa kama meza, mtoto akalazwa kifua kwenye mgongo huo, miguu imetanuliwa ikikumbatia kiuno. Nguo hutandazwa juu yake, ukingo wa juu ukapitishwa chini ya makwapa ya mama na kufungwa juu ya matiti, au ncha moja ikapita begani, kisha ukingo wa chini ukavutwa chini ya matako ya mtoto na kufungwa kiunoni. Katika mafundo hayo mawili, la chini ndilo lenye siri. Nguo inapaswa kumshika mtoto kutoka goti moja hata la pili, magoti yakiwa juu kidogo kuliko matako, kana kwamba ameketi. Ikimshika katikati tu, miguu ikaning'inia, uzito wote huangukia mahali pamoja na mtoto huteleza chini kila mama anapoinuka. Mkao huu wa mapaja yaliyotanuka husaidia pia kichwa cha mfupa wa paja kutulia ndani ya nyonga, na matabibu wa Malawi, mahali ambapo kina mama wengi hubeba watoto mgongoni, wameeleza kuwa kutenguka nyonga kwa watoto ni nadra mno huko. Kinyume chake, ugonjwa huo umeonekana sana kwa jamii zilizokuwa zikifunga miguu ya watoto wachanga ikiwa imenyooka.

Na tumchukue mwanamke anayetwanga mahindi, mtoto wa miezi saba mgongoni. Mwendo wa mchi humbembeleza mtoto, na baada ya kitambo analala. Hapo hatari inageuka. Mtoto aliye macho hushika kichwa chake mwenyewe; aliyelala hukiacha kianguke, ama nyuma, shingo ikajipinda, ama mbele, kidevu kikakandamiza kifua na kuubana mkondo wa pumzi, jambo ambalo kwa mtoto mdogo linaweza kumuua bila sauti. Kwa hiyo mama huusimamisha mchi, huuinua ukingo wa juu wa kanga hata kisogoni mwa mtoto, huligeuza shavu lake liegemee mgongo, na kuhakikisha kuwa pua na mdomo viko wazi na kuwa vidole viwili vinaweza kupita chini ya kidevu. Wapo wanaomfunika mtoto gubigubi ili jua lisimchome, na hilo silipendi hata kidogo, maana joto na pumzi iliyotumika hubaki humo ndani; afadhali kuhamia kivulini. Mkono ukipapasa shingo ya nyuma na kuikuta imelowa jasho, mtoto amepata joto kupita kiasi. Akitoa mkoromo wa kubanwa, au midomo ikibadilika rangi, hafunguliwi polepole bali mara moja. Jikoni napo, mama anapoinama juu ya mafiga, mikono na miguu ya mtoto hukaribia moto kutoka upande asiouona, na moshi humfikia yeye kama unavyomfikia mama. Kwa sababu hiyo wengi humkabidhi mtoto kwa bibi au dada yake mpaka chakula kiive.

Usingizi ukizidi, mtoto hushushwa. Mama hupiga magoti, mkono mmoja ukishika matako ya mtoto, hufungua fundo la juu kwanza, humpitisha chini ya kwapa hata mbele, kisha huweka matako chini kabla ya kichwa. Anamlaza chali, si kifudifudi. Katika hili wazungu wenyewe walipotea njia: vitabu vyao vya malezi vya katikati ya karne ya 20 vilishauri kulaza kifudifudi, na ushauri huo ukafuatwa miaka mingi, hata Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilipoanza kampeni za kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua sana. Mkeka juu ya sakafu iliyofagiwa, au godoro gumu, ndipo mahali pake. Mto wa sufi ni mlaini kiasi cha kuufunika uso unaouzamia, na kitanda cha kamba kilicholegea hufanya bonde katikati, mtoto akabingirika hata uso ukagusa kamba. Kamba hizo zikazwe kwanza, au asilazwe hapo. Kanga ile ile aliyobebwa nayo yaweza kumfunika, mwisho wake kifuani, na mikono ikabaki nje, chandarua kikishushwa juu yake na kuchomekwa chini ya mkeka pande zote, ndipo mama arudi kwenye kinu chake, ambacho ni vyema awe amekiweka mahali anapoweza kukiona chandarua hicho.