Kupungua kwa Kigezo cha Racah katika Ioni Changamano za Kromiamu: Historia ya Ushahidi wa Ukovalenti

Nadharia ya uga wa fuwele, iliyoasisiwa na Hans Bethe mwaka 1929, iliichukulia ligandi kama chaji iliyosimama nje ya ioni ya metali. Kwa dhana hiyo, obitali za d hugawanyika kinishati, lakini elektroni zilizomo hubaki za metali, na msukumano baina yao haupaswi kupungua sana. Kipimo cha msukumano huo, kigezo B, kilitokana na kazi ya Giulio Racah ya mwaka 1942 kuhusu spektra za atomi. Hivyo thamani ya B katika ioni changamano ikawa mtihani wa nadharia yenyewe.

Ioni ya kromiamu(III) iliyozungukwa na molekuli sita za maji yatosha kuwa mfano. Katika ioni huru, B ni takribani 918 cm⁻¹. Mikanda mitatu ya ufyonzaji ya ioni changamano huonekana karibu na 17,400, 24,600 na 37,800 cm⁻¹. Nadharia hudai kwamba jumla ya mikanda miwili ya mwisho, ikitolewa mara tatu ya mkanda wa kwanza, ni sawa na 15B. Hapo B huwa 680. Mikanda miwili ya kwanza pekee ikitumiwa, B huwa takribani 729. Tofauti hiyo si ndogo, na sehemu yake hutokana na mkanda wa tatu kumezwa na ufyonzaji wa uhamisho wa chaji. Hata hivyo, thamani zote mbili ziko chini kabisa ya 918.

Mwaka 1958, Schäffer na Jørgensen wa Copenhagen walizipanga ligandi kwa kiwango cha upungufu huu. Waliuita nefelauksetiki, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupanuka kwa wingu. Floridi hupunguza B kidogo, maji na amonia zaidi, iodidi sana. Jambo la kushangaza ni kwamba iodidi huzigawanya obitali za d kwa udhaifu. Kwa hiyo nguvu ya uga na ukovalenti si kitu kimoja.

Jørgensen alitofautisha sababu mbili. Elektroni za ligandi huukinga mvuto wa kiini, na obitali za d hutanuka. Aidha, elektroni za d huenea hadi kwenye ligandi. Uenezi huo ulikwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine mwaka 1953, Owen na Stevens walipoona athari ya viini vya klorini katika mwangwi wa sumaku wa iridiamu.

Uwiano wa B hauzitenganishi sababu hizo. Iwapo 729 kwa 918, yaani 0.79, ungetokana na uenezi pekee, kipeuo chake cha pili, 0.89, kingemaanisha kwamba takribani asilimia 11 ya kila elektroni imo kwenye maji. Kwa kuwa kutanuka nako kumechangia, asilimia hiyo ni kikomo cha juu cha makadirio, si kipimo cha ukovalenti.