Ni inayoachwa, si isiyoachika

Chukua maneno mawili: nyumba, kubwa. Kwa Kiswahili, "nyumba kubwa" ni jina lenye sifa yake, na msikilizaji bado anangoja kuambiwa nyumba hiyo imefanya nini. Ukitia "ni" katikati, "nyumba ni kubwa", habari imekamilika. Walimu wetu wa sarufi huiita "ni" hii kitenzi kishirikishi kipungufu, kwa kuwa haibebi nafsi wala wakati. Lakini zipo lugha nyingi ambazo habari hiyo hiyo hukamilika bila neno lolote katikati. Katika lugha 386 alizozilinganisha mtaalamu wa Uholanzi Leon Stassen, lugha 175 huruhusu kusema "fulani mwalimu" na sentensi ikawa kamili; 211 hazikubali. Ulimwengu umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na Kiswahili, ukikisikiliza vizuri, kina mguu mmoja kila upande.

Mtu wa Miono, ndani kidogo ya pwani katika Halmashauri ya Chalinze, hana haja ya kusafiri ili akutane na lugha ya namna hiyo. Mwadhini akisema Allahu Akbar, ameshatoa sentensi kamili, na hakuna kitenzi ndani yake. Mtoto wa madrasa anayejifunza Kiarabu hukutana na mpango huo mapema: sentensi ina mubtadaa, ndiyo kianzio, na khabari, ndiyo yanayosemwa juu yake, basi. Al-baitu kabirun: nyumba ni kubwa. Hakuna kilichoondolewa hapo. Kwa mwanasarufi wa Kiarabu, sentensi ya nomino ni aina kamili ya sentensi, yenye hadhi sawa na ile ya kitenzi.

Swali langu ni jepesi. Kama hakuna neno katikati, Mwarabu anajuaje kwamba ameambiwa "nyumba ni kubwa" na si "nyumba kubwa"? Jibu limo katika kibainishi "al". Akitaka sifa, huirudia kwenye neno la pili: al-baitu al-kabiru, nyumba kubwa. Akitaka habari, huiacha: al-baitu kabirun. Neno la pili likikosa "al", sentensi imezaliwa.

Sasa vuka hadi Uganda. Kiganda ni ndugu ya Kiswahili, lakini majina na sifa zake huanza kwa irabu ambayo sisi hatunayo. Ennyumba ennene ni nyumba kubwa. Ennyumba nnene ni nyumba ni kubwa. Irabu ya mbele imedondoka kwenye neno la pili, na sentensi imekamilika. Kiarabu na Kiganda ni lugha zisizo na nasaba, zimekua mbali kabisa, na bado zimefika kwenye ufundi uleule: unamvua mwenzi wa pili kile alichovaa, naye anaacha kuwa sifa, anakuwa habari.

Kirusi hakina kibainishi wala irabu ya kudondosha, na bado kwa wakati uliopo hakitumii kitenzi. Chenyewe hutegemea mpangilio. Sifa kwa kawaida hutangulia jina, kwa hiyo bolshoi dom ni nyumba kubwa. Ukiigeuza, dom bolshoi, umesema nyumba ni kubwa. Katika maandishi, majina mawili yakikabiliana, Warusi huweka kistari kirefu kati yao, na kistari hicho husomeka kama mpumuo. Kimalagasi, jirani yetu wa baharini, nacho hutegemea mpangilio, ila kwa upande wa pili: ny trano lehibe ni nyumba kubwa, lehibe ny trano ni nyumba ni kubwa, habari ikitangulia na mwenye habari akifuata.

Rudi kwa Kiswahili na hesabu tulichonacho. Hatuna "al". Hatuna irabu ya kudondosha. Sifa zetu hufuata jina, na habari nayo hufuata jina, kwa hiyo mpangilio hautusaidii. Hata kiambishi cha ngeli hakisaidii, maana "mtoto mdogo" na "mtoto ni mdogo" vina m- ileile. Mimi naona hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya "ni". Kazi hiyo si kueleza kuwapo, na wala si kueleza wakati. "Ni" ni mpaka: inamwambia msikilizaji kwamba jina limekwisha na habari inaanza.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka, ajabu, kwa Waarabu wenyewe. Ipo hali moja ambapo ufundi wao wa kuacha "al" haufanyi kazi: pale habari yenyewe inapotaka kuwa na "al". Mtu akitaka kusema kwamba nyumba ile, miongoni mwa nyumba, ndiyo kubwa, akisema al-baitu al-kabiru atasikika anasema "nyumba kubwa" tu. Hapo Kiarabu huingiza kiwakilishi katikati: al-baitu huwa al-kabiru. Wanasarufi wa Basra walikiita kiwakilishi hicho fasl, yaani cha kutenganisha, kwa sababu kinatenganisha habari na sifa. Wale wa Kufa walikiita imad, nguzo. Lugha inayojivunia kutohitaji neno katikati huliita neno hilo mara tu mpaka unapofifia. Na sisi, pahali hapo hapo, hatutosheki na "ni". Tunasema "nyumba hii ndiyo kubwa".

Ikiwa "ni" ni mpaka, basi pale mpaka ulipo wazi tayari tungetarajia "ni" iachwe. Na huachwa. Sikiliza mazungumzo ya kawaida mbele ya meza ya mananasi katika sehemu hizi, kijana akiwa mnunuzi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nanasi hili tamu?"

"Hilo tamu. Hili hapa si tamu, bado changa."

"Bei gani?"

"Elfu mbili."

"Hiyo ghali, mama."

Hakuna "ni" hata moja, na hakuna aliyekosea. "Nanasi hili tamu": neno "hili" limefunga jina, ingawa kwenye karatasi mtu angeweza bado kulisoma kama "nanasi hili tamu" lisilokwisha, na sauti ya kuuliza ndiyo inayomaliza shaka. "Hilo tamu", "hiyo ghali": kionyeshi kimesimama peke yake kama kiima, na kinachofuata hupokewa mara moja kuwa habari. "Bado changa": "bado" imeshika nafasi ya mpaka. Ndivyo tunavyosema pia "jina langu Asha", "leo Jumatatu", "mimi mgeni hapa". Jina limefungwa kwa "langu", siku imetajwa kwa "leo", kiwakilishi "mimi" kinajitosha. Lakini mama huyo akiwaita wapita njia kwa sauti, "Nanasi tamu!", hakuna awezaye kusema kama ametaja bidhaa au ametoa ushahidi, na kwa mwito wa biashara, yote mawili yanamfaa. Vivyo hivyo tunaposema "mwanzo mgumu".

Sasa jaribu kuondoa "si" katika mazungumzo yale. "Hili hapa si tamu" inageuka "hili hapa tamu", na kijana anabeba nanasi changa nyumbani. Ukimya unaweza kukubali, hauwezi kukana. Na hili si la Kiswahili peke yake. Mganda aliyedondosha irabu na kunyamaza katikati, akikana husema ennyumba si nnene, kwa "si" ileile ya kwetu. Mrusi hutia ne, Mmalagasi tsy, Mwarabu laisa: laisa al-baitu kabiran. Wote walioafikiana kunyamaza kwenye kukubali wameafikiana kusema kwenye kukana.

Tofauti zimo, na zinafaa kutazamwa. Ne ya Kirusi na tsy ya Kimalagasi ni kikanushi cha kawaida, hicho hicho kinachokana vitenzi. Laisa ya Kiarabu ni chombo maalumu: hubadilika kwa nafsi, na huifanya khabari ibadili mwisho wake, kabirun ikawa kabiran. "Si" yetu iko kati. Haibadiliki: mimi si, wewe si, wao si. Lakini nayo haikani vitenzi kwa jumla, maana kazi hiyo ni ya ha-: halali, hawalali. Katika vitenzi vya namna hiyo, ni nafsi ya kwanza umoja tu, silali, inayobeba umbo kama lake, na Kiganda kinafanana nasi hapo pia. Kikuyu kina jozi inayokaribia yetu, nĩ na ti, ila nĩ yao imetanuka kuliko ya kwetu: hukaa hata mbele ya kitenzi kuonyesha mkazo, jambo ambalo "ni" ya Kiswahili sanifu hailifanyi.

Ukimya una kikomo kingine, nacho ni wakati. Nanasi la jana haliwezi kuachwa bila neno. Lazima "lilikuwa tamu". Hapo "ni" yenyewe inakwama, kwa kuwa haina pahali pa kubandika alama ya wakati, na "kuwa" inachukua zamu. Mwarabu huleta kana, Mrusi byl, Mganda husema yali. Na "si" nayo hukaa pembeni, ikaja "halikuwa". Kwa hiyo anayenyamaza husikika anasema juu ya sasa.

Hoja yangu ya mpaka haielezi kila kitu, na Kihungari ndicho kinachonizuia kuisukuma mbali. Kihungari huacha kitenzi kwa nafsi ya tatu, a ház nagy, nyumba ni kubwa. Lakini kwa "mimi" na "wewe" hukidai, nagy vagyok, mimi ni mkubwa. Hapo kinachoamua ni nafsi, na mpaka hauna neno. Kiswahili nacho kina njia ya nafsi, ambayo vitabu vya shule huitaja kwa haraka na wazee wa pwani bado wanaitumia: u mzima? tu tayari; mtoto yu mgonjwa; kisima ki mbali. Kiambishi cha kiima husimama bila "ni" na bila "kuwa", kikiwa mpaka na nafsi kwa pamoja, na katika kukana baadhi ya watu husema "hatu tayari" badala ya "sisi si tayari". Siku hizi wengi, Kenya hasa, huziba nafasi hiyo kwa "niko mgonjwa", "tuko tayari", wakikichukua kiambishi cha mahali na kukipa kazi ya hali. Wapo walimu wanaolikemea umbo hilo. Mimi naliona ni kiambishi kilekile cha nafsi, u, tu, yu, kilichopata mkia ili kisikike vizuri zaidi.

Maandishi yetu, kwa upande wao, yameichagua "ni" hata pale isipohitajika. Gazeti litaandika "Asha ni mwalimu" ambapo jirani yake angesema "Asha mwalimu" na akaeleweka, kwa sababu msomaji hana sauti ya kumwongoza, na Kiswahili hakikupata kistari cha Warusi. "Si" haikuhitaji uchaguzi huo. Methali "nyumba njema si mlango" hutamkwa barazani na kuandikwa kitabuni kwa umbo moja, maana ukiitoa "si", inabaki nyumba njema na mlango wake, na hakuna aliyeambiwa neno.