Keroka: Mama Mmoja, Risiti Nne

Mji wa Keroka uko mpakani. Upande huu ni Kisii, upande ule ni Nyamira. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, zote mbili zimeng'ang'ania ushuru wa mji huu, na wafanyabiashara wamelalamika kwamba wanatozwa mara mbili. Ukitaka kujua kwa nini hesabu ya biashara ndogo huwatoa jasho wapangaji wa miji, anzia hapa.

Tuseme mama fulani anauza mitumba. Jumatatu na Alhamisi yuko Daraja Mbili, mjini Kisii. Siku nyingine anatandika Keroka, leo upande wa Kisii, kesho ng'ambo ya pili. Kila siku kanjo anamkatia risiti. Wiki ikiisha, yeye peke yake ana risiti nne katika vitabu vya kaunti mbili. Risiti huhesabu siku za kuuza, si watu.

Sasa panda Probox ya kwenda Kisii. Leseni ni moja, ya gari. Lakini gari hilo hilo linamlisha dereva, skwodi anayemshikia usukani jioni, na mpiga debe wa steji. Mama alionekana wanne. Hawa watatu wanaonekana gari moja. Na kwa fundi wa kuchomelea mageti, vijana wawili wanaojifunza kazi wanalipwa chakula tu. Ukiuliza ameajiri wangapi, atakujibu, "Niko peke yangu." Kwake huo si uongo.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Ilisema watu hawa wanafanya kazi yenye tija, ila serikali huwapuuza au kuwasumbua. Lakini kupewa jina si kuhesabiwa.

Mwaka 2016 Shirika la Takwimu la Taifa lilijaribu njia nyingine. Zaidi ya kusoma rejista za leseni, lilibisha hodi majumbani na kuuliza nani ana biashara. Likapata biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4 nchini, na zilizokuwa na leseni ni takriban milioni 1.6 tu. Hata hivyo, hodi ya nyumbani hukuonyesha mtu analala wapi. Mama yetu akilala kijijini Nyamira, soko la Kisii halimwoni.

Na idadi ndiyo hupanga vyoo, mabomba ya maji na vibanda. Soko likijengwa kwa kufuata leseni, wasio nazo watabaki barabarani. Halafu kanjo watakuja kuwafukuza, wakisema nafasi iko ndani.

Ndiyo maana hesabu ya maana Keroka ingefanyika siku ya soko, pande zote mbili za mpaka kwa wakati mmoja, na swali la kwanza liwe: jana uliuzia wapi?