Uteuzi wa Kaulimbiu ya Msimu: Uchunguzi wa “Mtu ni Afya” na Kaulimbiu za Jamii Yake

Kampeni ya msimu huishi muda mfupi. Kaulimbiu yake haina nafasi ya kufafanuliwa mwaka hadi mwaka. Ikiisha kuchapwa vitabuni na kutangazwa redioni, haiwezi kurekebishwa mpaka msimu umekwisha. Ndiyo maana wateuzi huanza kwa kuandika kauli nyingi, wakazipunguza kuwa chache, kisha wakazipima kwa mambo matatu: uwazi wa maana, wepesi wa kukumbukika, na kuoana na chapa, yaani sura na sauti ambayo umma umezoea kumtambua nayo mwenye kampeni. Makala hii inavichunguza vipimo hivyo kwa kutumia kampeni za elimu kwa redio zilizoendeshwa nchini Tanzania kati ya mwaka 1969 na 1980. Inakusudia kuonyesha kwamba kipimo cha uwazi, ambacho hudhaniwa kuwa chepesi kuliko vyote, ndicho hasa kinachohitaji jicho la mwanaisimu.

Kampeni hizo zilihusiana na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda. Mwaka 1969 kauli ilikuwa “Kupanga ni Kuchagua”, iliyohusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, ikaja “Uchaguzi ni Wako”. Mwaka 1971, katika kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, ikawa “Wakati wa Furaha”. Kisha ikafuata kampeni kubwa ya mwaka 1973, “Mtu ni Afya”, iliyochukua wiki 12 na kuwafikia watu wapatao milioni 2. Baadaye zikaja “Chakula ni Uhai” mwaka 1975 na “Misitu ni Mali” mwaka 1980.

Ukiiondoa “Wakati wa Furaha”, kauli zote hizo zimejengwa kwa kiungo “ni”. Umbo hili ni la methali. Msikilizaji analijua tangu utotoni katika semi kama “Umoja ni nguvu” na “Mtu ni watu”. Hivyo kauli mpya iliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Aidha, kwa kurudiwa mwaka baada ya mwaka, umbo lenyewe likawa chapa ya kampeni: aliyesikia “fulani ni fulani” redioni aliweza kuhisi kwamba msimu mwingine wa masomo unakuja. Kwa maneno mengine, umbo la “ni” lilitimiza vipimo viwili kati ya vitatu karibu bila gharama. Kilichosalia ni uwazi.

Ili kuona jinsi vipimo vinavyofanya kazi pamoja, tuseme kauli tano zimewekwa mezani kwa ajili ya msimu wa afya wa mwaka 1973. Orodha hii imeundwa kwa madhumuni ya uchunguzi huu tu: “Chimba Choo”, “Kinga ni Bora kuliko Tiba”, “Afya Bora kwa Wote”, “Mtu ni Uzima” na “Mtu ni Afya”.

“Chimba Choo” ina silabi nne tu na haina utata wowote. Hata hivyo kampeni ilihusu pia malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Kauli hii ingeyaacha mengi nje. Isitoshe, ni amri tupu, na sauti ya amri haioani na utaratibu wa vikundi ambao wanachama wake walitakiwa kujadili na kuamua wenyewe. Inaanguka katika kipimo cha chapa. “Kinga ni Bora kuliko Tiba” ni kweli na ni wazi, lakini ina silabi kumi, nayo imezoeleka mno hata haimtambulishi msemaji. Ukimsomea mtu kauli hiyo na kumwuliza ni nani anayesema, atakutajia daktari, mwalimu au babu yake. “Afya Bora kwa Wote” inakumbukika kiasi, ila inamfanya msikilizaji kuwa mpokeaji: afya italetwa na mwingine, naye atangoje.

Zinabaki mbili, zinazotofautiana kwa neno moja. “Uzima” ni neno la asili ya Kibantu, na kwa wengi wa bara, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili, mzizi wake una ndugu katika lugha ya nyumbani. Hapa “Mtu ni Uzima” inaelekea kushinda. Lakini maana ya “uzima” ni pana: ni afya, ni uhai, na katika mahubiri ni uzima wa milele. “Afya”, ingawa asili yake ni Kiarabu, ilikuwa tayari neno la zahanati na la wizara. Lilimwelekeza msikilizaji mahali panapohusika.

Hata hivyo “Mtu ni Afya” yenyewe si wazi kwa maana ya kawaida. Kiungo “ni” hubeba mahusiano mbalimbali. Katika “Kupanga ni Kuchagua” kinasawazisha vitendo viwili. Katika “Chakula ni Uhai” kitu cha kwanza huleta cha pili. Katika “Misitu ni Mali” cha kwanza kinawekwa katika kundi la cha pili. Basi “Mtu ni Afya” yaweza kufasiriwa kwa njia mbili: kwamba bila afya mtu si kitu, au kwamba mtu mwenyewe ndiye chanzo cha afya. Fasiri ya kwanza inampa msikilizaji sababu ya kujali. Ya pili inamkabidhi kazi. Zote mbili zinamfikisha mahali pamoja, kwenye shimo la choo na maji yaliyochemshwa.

Linganisha na “Misitu ni Mali”. Aliyeelewa mali kuwa amana atahifadhi na kupanda. Aliyeelewa mali kuwa kitu cha kuuzwa ana sababu ya kuchukua shoka. Kauli ina silabi sita, inakumbukika, inaoana na chapa barabara. Lakini fasiri zake mbili zinaelekea matendo yanayopingana. Kasoro hii haionekani kwa kumwuliza msikilizaji kama ameelewa, kwa kuwa wote wawili watajibu kwamba wameelewa. Huonekana akiulizwa: “Basi kesho utafanya nini?”

Hapo ndipo ilipo njia ya kupima. Kauli isomwe mara moja tu, kama redio ifanyavyo, kwa watu wasiohusika na uandishi wake, wakiwamo wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Waulizwe tendo, si maana. Baada ya siku kadhaa waombwe kuikariri bila kukumbushwa. Maneno waliyoyabadilisha yaandikwe, kwa sababu mara nyingi hayo ndiyo maneno mazito kwao. Mwisho waulizwe ni nani angeweza kuisema.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Hakipimi kauli ikiwa imezungukwa na vitu vinavyoifafanua. Mwaka 1973 “Mtu ni Afya” haikusimama peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa, na kitabu kilitoa vitenzi ambavyo kauli haikuwa navyo. Kauli isiyo na kitenzi huhitaji kikundi cha kuijazia. Ikibandikwa ukutani pekee, hubaki na fasiri ambazo msomaji amekuja nazo mwenyewe. Kwa hiyo wateuzi hawana budi kuhakikisha, kabla ya uchapaji, kwamba fasiri hizo zote zinaelekea upande mmoja.