Kisu Peke Yake Si Jando: Habari za Masasi kwa Watu wa Masisi

Katika misitu ya Walikale desturi ya kumtoa mtoto katika utoto ina majina yake. Wanyanga huiita mukumo, na Wakumu huiita gandja. Zamani wavulana walipelekwa msituni, mbali na mama zao, wakatahiriwa, wakakaa kambini mpaka wapone, kisha wakarudi kijijini wakihesabiwa kuwa wanaume. Siku hizi watoto wengi hutahiriwa hospitalini wangali wadogo. Kidonda hupona kwa usalama, nalo ni jambo jema. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kufundishwa kazi ya mume na baba. Kisu kimebaki, je, mafundisho yamekwenda wapi?

Swali hili liliwasumbua Wakristu wa nchi nyingine kabla yetu. Tutazame Masasi, kusini ya Tanganyika, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Huko Waanglikana walifungua misioni mwaka 1876, kati ya Wayao, Wamakua na majirani zao.

Jando la Wayao lilikuwa na hatua zake. Lilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, kwa sababu wavulana wengi walipaswa kulishwa kwa majuma mengi bila kulima. Kwanza mkubwa wa kijiji alitoa sadaka ya unga kwa mizimu ya wazee. Kisha ngariba akatahiri. Wavulana wakakaa porini katika vibanda, wakifundishwa kwa nyimbo na mafumbo: namna ya kuwaheshimu wakubwa, kuvumilia maumivu, na kutoingia tena ovyo chumbani mwa mama. Mwisho walioga, vibanda vikachomwa moto, wakapewa nguo mpya na majina mapya, wakarudishwa kwa shangwe.

Wamisionari walipokataza mambo hayo yote, hawakupata walichotaka. Kijana asiyepita jandoni alidharauliwa na wenzake, wala hakupata mke kwa urahisi. Kwa hiyo Wakristu wengine walikwenda kwa siri. Tena Uislamu ulikuwa umeenea sana kati ya Wayao, na kijana aliyeingia jando la Waislamu huenda asirudi kanisani. Mapadre Waafrika waliyajua hayo vizuri, maana walizaliwa humo.

Vinsenti Lukas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alikuwa ameanza kufanya kazi pamoja nao hata kabla ya kupewa uaskofu. Hawakuanza kwa kuuliza, "Jando ni jema au baya?" Walilichambua hatua kwa hatua. Sadaka kwa mizimu waliiondoa, wakaweka sala na baraka za Kanisa. Nyimbo za matusi walizikataa. Lakini pori, vibanda, kukaa mbali na mama, mafundisho ya wazee, na marudio ya shangwe, hayo waliyaacha. Ndiyo maana watu walilipokea: mvulana aliyetoka humo alikuwa amepita jandoni kweli, hakuna aliyeweza kumcheka.

Kwa wasichana mambo hayakwenda hivyo. Mafundisho yao yalikuwa mikononi mwa makungwi, wanawake wazee walioshika siri zao, na kiini chake kilikuwa habari za ndoa na uzazi. Wamisionari waliona haya hayo mambo, wakayapunguza sana. Basi ibada ikabaki na sala, lakini bila lile jambo ambalo msichana alipelekwa kujifunza. Haikushika mizizi kama jando la wavulana, kwa maana wenyeji walihesabu kwamba binti hajafundwa bado.

Hapo twaona tofauti. Kwa wavulana iliondolewa sehemu moja, nyingine ikawekwa mahali pake. Kwa wasichana kiliondolewa kiini, na mahali pake pakabaki tupu.

Kanisa letu Katoliki lilisema juu ya jambo hili baadaye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 65, ulitoa ruhusa kwamba katika nchi za misioni mambo ya jando yaliyomo katika desturi za watu yaweza kupokelewa pamoja na yale ya mapokeo ya Kikristu, kadiri yawezavyo kulinganishwa na ibada ya Kanisa. Mtaguso haukusema yote yapokelewe. Kazi ya kuchambua ilibaki.

Kwetu sisi kazi hiyo ina sura nyingine. Masasi walikuwa na jando zima mbele yao, wakachagua la kuondoa. Sisi, daktari ameshachukua kisu, na pengine kambi haipo tena. Mzazi anayemrudisha mtoto kutoka hospitalini ajue kwamba amemaliza hatua moja tu. Miaka kumi au kumi na miwili baadaye mtoto huyo atahitaji mjomba au mzee mwaminifu wa kukaa naye faraghani na kumweleza waziwazi habari za mwili, ndoa na malezi. Na binti atahitaji shangazi wa kumfanyia vivyo hivyo.